WhatsApp ya kivinjari kwenye steshenari: kazi ambazo bado zinataka simu

Ukikaa kaunta ya steshenari, nusu ya kazi inaingia kwa WhatsApp. Mteja anatuma CV, barua ya maombi au picha ya kitambulisho cha NIDA, wewe unaifungua kwenye kompyuta na kuiprinti. Kisha yanaanza maswali ambayo kila mgeni wa kazi hii huuliza. Mbona picha hii inasema niifungue kwenye simu? Meseji za mteja wa mwaka juzi zimekwenda wapi? Boda katuma lokesheni, mbona siioni inatembea? Nakala rudufu inafanyika wapi humu? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi ya duka, ili ujue mapema ni wakati gani usiiache simu nyumbani.

Jambo moja lieleweke kwanza. Zamani kila meseji ya kwenye kompyuta ilipitia kwenye simu, na simu ikizimika kompyuta nayo ilinyamaza. Mwaka 2021 WhatsApp ilianza kuruhusu kivinjari kitume na kupokea chenyewe, hata simu ikiwa imezima. Hapo ndipo watu walipoanza kudhani simu na kompyuta zimekuwa sawa. Hazijawa sawa. Akaunti ilisajiliwa kwenye simu kwa namba ya laini, na simu ndiyo kifaa kikuu. Kivinjari kinaingia kwa ruhusa ya simu, na kinaweza kuondolewa muda wowote. Ndiyo maana mambo yanayogusa akaunti yenyewe hayafanyiki huko, na mengine machache yamezuiwa kwa sababu ya faragha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye akaunti ya duka, WhatsApp ikiwa imesasishwa, na PIN au alama ya kidole ya kuifungulia. Wakati wa kuunganisha, simu huomba uthibitishe kuwa ni wewe.
- Kompyuta yenye Chrome, Edge, Firefox au Safari ya karibuni. Kama kompyuta bado ina Windows 7, Chrome yake iliishia toleo la 109, na siku yoyote tovuti inaweza kukuambia kivinjari kimepitwa na wakati.
- Intaneti pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza simu itapeleka historia ya meseji kwenye kompyuta, kwa hiyo iwe na Wi-Fi au bando la kutosha, na chaji pia.
- Saa na tarehe sahihi kwenye kompyuta. Hili linaonekana dogo, lakini kwenye kompyuta kuukuu ndilo linalokwamisha watu wengi.

Hatua kwa hatua

1. Unganisha kwa anwani sahihi. Andika mwenyewe `web.whatsapp.com` kwenye kivinjari. Usitafute "WhatsApp Web" halafu ubofye tokeo la kwanza, kwa sababu kuna kurasa za kuiga zenye alama ya QR ya matapeli. Kwenye simu ya Android gusa nukta tatu, kisha `Linked devices`, kisha `Link a device`. Kwenye iPhone njia hiyo inapitia kwenye `Settings`. Elekeza kamera kwenye alama ya QR iliyo kwenye kompyuta.

Kama kamera imeharibika, ukurasa huohuo una njia ya kuunganisha kwa namba ya simu. Kompyuta itakupa msimbo wa herufi na tarakimu 8, nawe utauandika kwenye simu. Msimbo huo unatoka kwenye kompyuta iliyo mbele yako peke yake. Mtu akikutumia msimbo na kukuomba uuingize kwenye WhatsApp yako, hata kama ni namba ya mtu unayemfahamu, anataka kuiunganisha kompyuta yake na akaunti yako.

Simu moja inabeba vifaa 4 vya kuunganishwa. Duka lenye kompyuta nyingi hufika kikomo hicho haraka, na ukitaka kuongeza cha tano sharti uondoe kimojawapo. Kuongeza na kuondoa vifaa vingine hufanyika kwenye simu. Kivinjari kinaweza kujitoa chenyewe tu.

2. Acha historia ishuke, kisha tazama inapoishia. Baada ya kuunganisha, weka simu wazi kwenye WhatsApp hadi mazungumzo yajae kwenye kompyuta. Kinachoshuka ni sehemu tu ya historia, takribani mwaka mmoja wa karibuni. Fungua mazungumzo ya mteja wa zamani na upande juu hadi mwisho. Utakuta taarifa inayokuelekeza kwenye simu, au kiungo cha kuomba meseji za zamani kutoka kwenye simu. Ukikibofya kiungo hicho, simu lazima iwe imewaka na iko mtandaoni, kwa sababu meseji hizo zinatolewa kwenye simu yenyewe.

Hapa ndipo kosa kubwa linapotokea. Mtu anaandika jina la mteja kwenye sehemu ya kutafuta, hapati kitu, anahitimisha kuwa meseji zimefutika. Kumbe kivinjari kinatafuta kwenye kile kilichoshuka tu. Tafuta tena kwenye simu kabla hujamwambia mteja atume upya.

3. Waelekeze wateja namna ya kutuma. Siku hizi wateja wengi, na wana haki, hutuma picha ya kitambulisho kwa mtindo wa kuonekana mara moja, ule wenye alama ya namba 1 ndani ya duara. Kwenye kivinjari picha hiyo haifunguki. Unapata taarifa kwamba uifungue kwenye simu. Usihangaike kusasisha ukurasa wala kubadilisha kivinjari, maana kizuizi hicho kimewekwa makusudi.

Kuifungua kwenye simu nako hakukusaidii kuprinti. Picha ya mara moja haihifadhiki, haisambazwi kwa mwingine, na simu huzuia kupiga picha ya skrini. Ukishaifungua na kuifunga, imekwisha. Kwa hiyo usiiguse kabisa. Mwandikie mteja kwanza:

"Tafadhali tuma tena kama dokumenti, si picha ya kuonekana mara moja. Tukishaprinti tutaifuta mbele yako."

Akiituma kama dokumenti utapata faili lake halisi bila kubanwa, na maandishi madogo ya kitambulisho yatasomeka. Ahadi ya kuifuta nayo itimize, na namna ya kuitimiza iko hatua ya 7.

4. Lokesheni ishike kwenye simu. Kwenye kivinjari, menyu ya kuambatisha haina lokesheni. Huwezi kutuma ulipo, wala kuanzisha lokesheni ya moja kwa moja ya dakika 15, saa 1 au saa 8. Mtu akikutumia lokesheni ya moja kwa moja, kompyuta itaonyesha tu kwamba imetumwa, bila kukuonyesha akitembea. Pini ya kawaida, ile isiyosogea, unaweza kuibofya ikafunguka kwenye ramani.

Tuseme mteja wa Kinondoni ameagiza nakala 40 za ripoti zilizofungwa kwa ringi, na boda anampelekea. Kazi yote ya faili uliifanya kwenye kompyuta. Boda akiondoka, shika simu uanzishe mazungumzo yake hapo. Kama mteja anataka kujua duka liko wapi, usisubiri kupata simu: fungua ramani kwenye kivinjari, nakili kiungo cha mahali pa duka, ukibandike kwenye mazungumzo kama maandishi. Kiungo hicho kihifadhi kwenye faili la maandishi, utakitumia kila siku.

5. Tangazo kwa wateja wengi. Orodha ya matangazo, ile inayopeleka meseji moja kwa watu wengi na kila mmoja akaiona kama yake peke yake, iunde na uitumie kwenye simu. Nukta tatu, kisha `New broadcast`, kisha uchague watu hadi 256. Kwenye kivinjari hutaikuta, na wanaojaribu kuikwepa kwa kunakili na kubandika meseji ileile kwa watu mia mfululizo huishia kufungiwa akaunti kwa kushukiwa kutuma taka. Kumbuka pia kwamba tangazo linamfikia tu mteja aliyehifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Mteja asipolipata, mara nyingi sababu ni hiyo.

6. Nakala rudufu na kutoa mazungumzo. Kivinjari hakina nakala rudufu kabisa. Kilichomo kwenye kompyuta si akiba ya kurudishia kitu. Kwenye Android nakala hupelekwa Google Drive, kwenye iPhone hupelekwa iCloud, na zote huwashwa kwenye simu: `Settings`, `Chats`, `Chat backup`. Angalia tarehe ya nakala ya mwisho. Kama inasoma miezi iliyopita, akaunti ya duka haina ulinzi hata kama kompyuta inaonekana imejaa meseji.

Vilevile mteja akileta ubishi kuhusu oda na ukahitaji mazungumzo yote kwenye faili moja, kivinjari hakitakupa. Kwenye simu fungua mazungumzo yake, nukta tatu, `More`, `Export chat`, kisha chagua pamoja na picha au bila picha. Jitumie kwa barua pepe, halafu ulifungue kwenye kompyuta. Kupiga picha za skrini moja moja kwenye kivinjari kunachosha, na mtu anaweza kusema umeruka baadhi.

7. Funga kazi kila jioni. Kwenye kivinjari bofya menyu, kisha `Log out`. Kufunga dirisha tu hakutoshi, atakayewasha kompyuta kesho atakuta akaunti iko wazi. Ukiwa umeshaondoka dukani, toa simu, nenda `Linked devices`, gusa jina la kompyuta hiyo, kisha `Log out`.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi huisahau. Kutoka kwenye WhatsApp hakufuti mafaili uliyopakua. CV, vyeti na vitambulisho vya wateja vinabaki kwenye folda ya `Downloads`, na kwenye `Recycle Bin` hata baada ya kufutwa. Futa vilivyomo sehemu zote mbili. Namba ya kitambulisho cha mtu, jina lake kamili na picha yake vikibaki kwenye kompyuta ya kaunta, yeyote atakayepita hapo anaweza kuvitumia kwa jina la mteja wako.

8. Mengine ya simu tu. Kubadilisha namba ya akaunti, kuweka uthibitisho wa hatua mbili, kufuta akaunti, na kupunguza picha zinazojaza nafasi kwenye simu, yote fanyia kwenye simu. Kuhusu kupiga simu, tazama juu ya mazungumzo: ukiona alama ya simu na ya video, toleo lako linaruhusu. Usipoziona, weka programu ya WhatsApp ya Windows au Mac, ambayo inapiga, au piga kwa simu yako.

Vipengele huongezwa mara kwa mara, kwa hiyo kitu kilichokosekana jana kinaweza kuwepo leo. Namna ya kujua ni kufungua menyu ileile pande zote mbili, simu mkononi na kivinjari mbele yako, ukalinganisha. Mtu akikushauri uweke kiendelezi cha kivinjari kinachodai kufungua picha za mara moja au kutuma matangazo, kataa. Kiendelezi chenye ruhusa kwenye ukurasa huo kinasoma kila meseji ya wateja wako.

Simu ya duka ikipotea

Hili lina mpangilio wake, na ukikosea unapoteza kitu kisichorudi. Simu ikipotea au kuvunjika, kivinjari kilichokwisha kuunganishwa kinaendelea kufanya kazi, lakini si milele: simu kuu isipotumika zaidi ya siku 14, vifaa vyote vilivyounganishwa hutolewa. Na ukisajili namba ileile kwenye simu mpya, kompyuta nayo hutolewa papo hapo.

Kama simu imeibiwa, kwanza pigia mtandao wako wafunge laini, ili mwizi asiitumie kupokea msimbo wa usajili. Hata laini ikifungwa, WhatsApp iliyo ndani ya simu hiyo bado inaweza kufunguka kwa Wi-Fi, kwa hiyo kama haina kifungio cha skrini usichelewe kusajili upya. Laini mpya na usajili mpya ndivyo vinavyomtoa.

Kama imevunjika tu na iko mikononi mwako, una nafasi ya kupumua. Kabla ya kusajili simu mpya, kaa kwenye kompyuta na upakue kila faili la kazi ambayo haijakamilika. Ingia kwenye mazungumzo ya kila mteja mwenye oda, bofya jina lake juu, fungua sehemu ya picha na dokumenti, pakua unachohitaji kwenye folda yenye jina lake. Andika pia kwenye daftari maelezo ya oda: idadi ya nakala, rangi au nyeusi, aina ya karatasi, malipo yaliyokwisha kulipwa. Ukimaliza ndipo usajili simu mpya na kurudisha nakala rudufu. Meseji zilizoingia baada ya nakala ya mwisho hazitarudi, na kompyuta nayo haitazipeleka kwenye simu mpya. Historia inakwenda kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta. Upande wa pili hakuna njia.

Ikikwama

*Meseji inaonyesha `Waiting for this message. This may take a while.`* Ufunguo wa kuifungua meseji hiyo haujafika kwenye kompyuta yako. Angalia kwenye simu kwanza, mara nyingi inasomeka huko. Kama hata simu haisomi, mwombe mteja afungue WhatsApp kwenye simu yake akiwa na intaneti, na meseji itajifungua. Ikigoma, atume tena.

*Faili linagoma kupakuliwa kwenye kompyuta.* Meseji ikiwa ya zamani, kivinjari huomba faili hilo kutoka kwenye simu. Washa simu, fungua WhatsApp, jaribu tena. Kama mtu alishafuta picha hiyo kwenye simu ili kupata nafasi, hakuna pa kuitoa, na mteja inabidi aitume upya.

*Hakuna sauti wala taarifa ya meseji mpya.* Simu hupokea taarifa hata programu ikiwa imefungwa, lakini kivinjari kinahitaji ukurasa uwe wazi. Usiufunge, na bofya alama iliyo kushoto mwa anwani uhakikishe taarifa zimeruhusiwa.

*Kila asubuhi inadai QR upya.* Huenda kivinjari kimewekwa kufuta data zake kinapofungwa, au unatumia dirisha la faragha, au hukuweka alama ya kubaki umeingia kwenye ukurasa wa QR. Kwenye kompyuta ya duka lako unaweza kurekebisha hilo. Kwenye kompyuta ya mtu mwingine, iache hivyo hivyo.

*Ukurasa haufunguki, unaonyesha onyo la usalama lenye `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`.* Tazama saa chini kulia. Kompyuta kuukuu ikizimwa hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma, na kivinjari hukataa kuamini cheti cha tovuti. Rekebisha tarehe, mwaka na saa, kisha fungua ukurasa upya. Ikirudia kila umeme unapokatika, betri ndogo ya kwenye ubao mama imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani kwa kawaida ni CR2032, ya duara kama sarafu. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kava, ibadilishe huku upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha weka tarehe upya mara moja.